Sekunde Moja Nyuma: Bawa na Betri katika Mbio za Langalanga

Tarehe 14 Novemba 2010, katika uwanja wa Yas Marina huko Abu Dhabi, Fernando Alonso alihitaji nafasi ya nne tu ili awe bingwa wa dunia wa Fomula 1 kwa mara ya tatu. Alikuwa ameingia kwenye mbio hizo za kufunga msimu akiongoza msimamo. Ferrari wakamwita mapema kubadilisha matairi kwa kumhofia Mark Webber, na aliporudi barabarani akajikuta nyuma ya Vitaly Petrov, Mrusi aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza akiendesha Renault. Mbio zilikuwa za mizunguko 55, na Alonso alikaa nyuma ya Petrov karibu mizunguko 40. Alisogea, akajaribu, akakosa, akarudi tena. Petrov alimaliza wa sita, Alonso wa saba, na ubingwa ukaenda kwa Sebastian Vettel kwa pointi 256 dhidi ya 252.

Msimu uliofuata magari yakaja na kibao kinachofunguka kwenye bawa la nyuma, na mashabiki wengi mpaka leo wanaamini kwamba kilibuniwa kwa sababu ya machozi ya Ferrari jioni ile. Si kweli. Wakuu wa mchezo walikuwa wameshalipitisha jambo hilo katikati ya mwaka 2010, maana ugonjwa ulikuwa wa miaka mingi. Abu Dhabi iliuonyesha tu kwa watu wengi zaidi, tena siku mbaya kuliko zote.

Ugonjwa wenyewe ni wa hewa. Gari la langalanga limetengenezwa ili hewa ilikandamize chini. Mabawa yake yamepinduliwa: ya ndege huinua, haya hushindilia. Mgandamizo huo ndio unaoyafanya matairi yang'ang'anie lami kwenye kona ambayo gari la kawaida, likiingia kwa spidi hiyohiyo, lingetoka nje ya barabara. Lakini mgandamizo hautolewi bure. Bawa linapoirusha hewa juu, sehemu ya nguvu inayotokea huelekea nyuma na kulivuta gari, na huo ndio ukinzani wa hewa. Spidi ikiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda huongezeka mara nane.

Kwa hiyo kabla ya mwaka 2011 kila timu ilikuwa na uchaguzi mchungu. Ukiweka bawa kubwa, gari linapita kona kwa uhakika lakini linachoka kwenye njia iliyonyooka. Ukiweka bawa dogo, linakimbia kwenye njia iliyonyooka, kisha linateleza konani na kuyala matairi. Ukishachagua, umechagua kwa mbio nzima.

Anayefuata nyuma ana taabu yake ya ziada. Gari la mbele linaiacha hewa ikiwa imevurugika. Kwenye njia iliyonyooka hewa hiyo ni neema, kama anavyojua kila dereva wa bodaboda aliyewahi kujibanza nyuma ya lori kwenye barabara kuu: upepo unapungua na pikipiki inakuwa nyepesi. Kwenye kona, hewa hiyohiyo ni balaa, kwa sababu mabawa yake yanakosa hewa safi ya kufanyia kazi. Kwa takwimu zilizotolewa na Fomula 1 wenyewe walipokuwa wakieleza kwa nini walibadilisha umbo la magari mwaka 2022, magari ya kabla ya hapo yalipoteza asilimia 35 ya mgandamizo yakiwa mita 20 nyuma ya gari jingine, na asilimia 46 yakiwa mita 10. Sasa mtazame Alonso. Anamkaribia Petrov, anaingia kona, gari linaanza kuteleza, inambidi apunguze mwendo, na anapotoka konani tayari ameachwa. Njia iliyonyooka inampa nafuu kidogo tu kuliko hasara aliyoipata kwenye kona. Hesabu hiyo ilirudiwa mizunguko 40.

Dawa ya kwanza iliitwa DRS, yaani mfumo wa kupunguza ukinzani wa hewa. Bawa la nyuma lina vipande viwili vinavyokatiza kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine: ubao mkuu ulio chini, na kibao chembamba kilicho juu yake kwa nyuma. Kikiwa kimefungwa, kibao hicho kimeinuka kwa mwinamo mkali, na pengo kati yake na ubao mkuu ni milimita 10 hadi 15. Dereva akibonyeza kitufe kwenye usukani, pistoni ndogo inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo inainua ukingo wa mbele wa kibao hadi kilale karibu sambamba na upepo. Mwaka 2011 pengo liliruhusiwa kufika milimita 50, mwaka 2014 likawa 65, na mwaka 2019 likawa 85. Hewa sasa inapita katikati badala ya kurushwa juu. Mgandamizo wa nyuma unapungua sana, na ukinzani unapungua pamoja nao. Kwenye njia iliyonyooka mgandamizo hauna kazi kubwa, kwa hiyo dereva ameuza kitu ambacho kwa sekunde zile hakihitaji.

Faida yake ni kiasi gani? Tuseme kufungua kibao kumepunguza ukinzani wa gari zima kwa asilimia 10. Kwa kuwa nguvu inayohitajika hupanda kwa spidi kuzidishwa mara tatu, asilimia 10 ya ukinzani haileti asilimia 10 ya spidi. Inaleta kama tatu na nusu. Gari ambalo lingeishia kilomita 310 kwa saa litaishia karibu 321. Hapo ndipo zinapotoka zile kilomita 10 hadi 12 ambazo mafundi wamekuwa wakizitaja tangu mwanzo.

Kilomita hizo zingeweza kupotea kwa sababu ambayo watazamaji wengi hawaifikirii, nayo ni gia. Mwaka 2011 injini zilizuiwa zisizidi mizunguko 18,000 kwa dakika. Timu ikipanga gia ya saba ili injini ifike kikomo hicho gari likiwa kilomita 310, basi bawa likifunguka, na hewa nyepesi ya gari la mbele ikaongezeka, injini inagota ukutani. Inalia tu, gari haliongezi hata kilomita moja, na kibao kimefunguliwa bure. Ilibidi gia ya juu irefushwe ili ibakize nafasi ya spidi itakayokuja, ingawa kwa kufanya hivyo gari lilikuwa zito kidogo kila lilipokimbia peke yake bawa likiwa limefungwa. Aliyetaka kupita ilimbidi aanze kulipia tangu Jumamosi.

Masharti ya DRS yalikuwa makali, na hapa ndipo ubishi ulipoanzia. Katika mbio, kitufe kilifanya kazi kwa dereva aliyekuwa chini ya sekunde moja nyuma ya gari jingine alipopita mstari wa kupimia. Tena hakukitumia popote alipotaka, bali kwenye kipande cha barabara kilichotengwa. Wa mbele, kama naye hana mtu wa kumfukuza, hakupewa kitu. Mvua ikinyesha, mfumo ulizimwa. Dereva akigusa breki, kibao kilirudi chini. Wazee wa mchezo walisema huu ni upendeleo, na kwa maana halisi ya neno walikuwa sahihi. Mimi naona ulikuwa fidia. Aliyepokonywa asilimia 40 ya mgandamizo wake kwenye kona, kwa kosa la kukaribia tu, anarudishiwa kitu kwenye njia iliyonyooka.

Hata hivyo fidia hiyo ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye televisheni. Chukua magari mawili yanayotoka kwenye kona kali kwa kilomita 90 kwa saa, la pili likiwa nusu sekunde nyuma. Kwa spidi hiyo nusu sekunde ni mita 12 na nusu. Yakifika kilomita 300, nusu sekunde ileile imekuwa karibu mita 42. Mtazamaji anadhani wa mbele anachoropoka, kumbe muda kati yao haujabadilika. Sasa wa nyuma anafungua bawa. Faida yake haiji yote kwa mara moja. Inaanza na sifuri na kufika kilomita 12 kwa saa mwishoni, yaani mita 3.3 kwa kila sekunde. Tukichukua wastani wa nusu ya hiyo, kwa njia iliyonyooka ya sekunde 12 atakuwa amekula mita 20, ambazo kwa spidi ile ni sawa na sekunde 0.2 hivi. Kwa makadirio hayo mepesi, aliyeanza nusu sekunde nyuma bado hajafika ubavuni. Kinachobaki lazima akipate kwingine: kwa kutoka konani vizuri zaidi, kwa ile hewa nyepesi ya kufuata nyuma, au kwa betri.

Betri ilitangulia bawa. Mwaka 2009 kanuni ziliruhusu KERS, mfumo wa kuokoa nishati ya mwendo wakati wa kufunga breki. Ilitoa kilowati 60, sawa na nguvu za farasi 80, kwa muda usiozidi sekunde 6.7 kwa kila mzunguko. Mwaka 2010 timu zilikubaliana kutoitumia, ikarudi mwaka 2011 pamoja na DRS. Mwaka 2014 ikaja mashine kubwa zaidi, ERS, pamoja na injini mpya za silinda sita zenye tabo. Mota iliyounganishwa na injini, inayoitwa MGU-K, ilitoa kilowati 120, yaani kama farasi 160. Mota ya pili, MGU-H, ilikaa kwenye tabo ikivuna umeme kutoka kwenye joto na msukumo wa moshi.

Nishati iliyomo ndani ya gari linalokimbia ni ya kushangaza. Gari la mwaka 2014, pamoja na dereva na mafuta, tuseme lilikuwa na kilo 740. Kwa kilomita 320 kwa saa linabeba karibu megajuli 2.9. Likifunga breki hadi kilomita 70, karibu megajuli 2.8 lazima ziende mahali fulani katika muda wa sekunde mbili na nusu hivi. MGU-K inaweza kumeza kilowati 120 tu, kwa hiyo kwa sekunde hizo inapata megajuli 0.3. Ni kama sehemu moja kati ya kumi. Zilizobaki zinageuka joto kwenye diski za breki, ndiyo maana usiku unaziona zikiwaka kama makaa. Kanuni ziliruhusu megajuli 2 tu kuingia betrini kutoka kwenye breki kwa kila mzunguko, na megajuli 4 kutoka betrini kwenda kwenye mota. Pengo lilizibwa na ile mota ya tabo. Gawanya megajuli 4 kwa kilowati 120 utapata sekunde 33. Katika mzunguko wa sekunde 80, dereva ana umeme kutoka betrini kwa chini ya nusu ya safari.

Basi autumie wapi? Jibu la haraka ni mwisho wa njia iliyonyooka, pale spidi inapotafutwa. Ni jibu baya. Mwishoni, hewa inakula karibu kila farasi unayemwongeza. Hesabu ileile ya mara tatu inasema kwamba kuongeza nguvu kwa robo nzima, kutoka farasi 600 hadi 760, kunapandisha spidi ya mwisho kwa asilimia 8 tu. Mwanzoni, gari likitoka konani kwa spidi ndogo, hewa bado ni dhaifu na farasi haohao wanalirusha gari mbele. Spidi iliyopatikana mapema inabebwa njia nzima. Kwa hiyo kompyuta ya gari hupangwa imwage umeme mara tu matairi yanapoweza kuupokea, kisha iukate kabla ya mwisho. Umeme ukikatwa mapema mno, gari linafika mwisho wa njia likiwa limeishiwa pumzi: injini inanguruma, lakini spidi imesimama au inashuka. Aliye nyuma, kama alibana umeme wake mizunguko miwili iliyopita, anapita hapo kana kwamba mwenzake ameegesha.

Kwa hiyo mifumo hii miwili inashika ncha mbili za njia moja. Umeme hufanya kazi bora mwanzoni, ambapo kibao kilichofunguka hakisaidii kitu kwa sababu hewa bado ni dhaifu. Kibao hufanya kazi bora mwishoni, ambapo umeme unapotea. Dereva aliyeupata mpangilio huo sawasawa anaweza kubeba bawa kubwa la konani na bado asipoteze spidi ya juu pale anapoihitaji kupita.

Siku iliyoonyesha yote haya, tena kwa njia ya kuharibika, ni tarehe 8 Juni 2014 mjini Montreal, Kanada. Uwanja wa Gilles Villeneuve una kilomita 4.361, njia ndefu zilizonyooka, na kona za polepole zinazolazimisha breki kali. Mbio ni mizunguko 70. Mercedes walikuwa wakishinda kila kitu msimu ule, na Nico Rosberg na Lewis Hamilton walikuwa mbele kama kawaida. Karibu na katikati ya mbio, magari yote mawili yakapatwa na hitilafu ileile kwenye mitambo ya umeme wa volti kubwa. MGU-K zikazimika.

Kwa mtu wa nje, kupoteza mota hiyo ni kupoteza farasi 160. Ukirudia hesabu yetu, gari lililokuwa na uwezo wa kilomita 325 linabaki na 300. Lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa kwenye breki. Magari ya mwaka ule yalikuwa yamepunguziwa ukubwa wa breki za nyuma, kwa sababu mota ilikuwa inazisaidia kulipunguza gari mwendo. Mota ikifa, zile megajuli 0.3 za kila kona zinaangukia kwenye diski ndogo ambazo hazikutarajiwa kuzibeba. Za Hamilton zilichemka zikakata tamaa, naye akalazimika kuliegesha gari. Rosberg alihamishia kazi ya breki kwenye magurudumu ya mbele, akalilea gari, akabaki barabarani. Baada ya matairi ya mwisho kubadilishwa alikuwa bado anaongoza.

Nyuma yake alikuwa Sergio Perez wa Force India, na nyuma ya Perez wakawa Daniel Ricciardo, Vettel na Felipe Massa. Rosberg hakuwa na msaada wowote wa umeme. Wote walioko nyuma walikuwa nao. Na bado mizunguko ilipita bila yeyote kumpita.

Sababu mojawapo ni kona. Rosberg, aliyekuwa na gari bora kuliko wote, alitoka vizuri kwenye ile kona kali inayogeuka nyuma kabla ya njia ndefu, na kila alichokosa kwa umeme alikipata kwa mita alizoziiba pale. Sababu ya pili ni ya kuchekesha. Perez alikuwa chini ya sekunde moja nyuma ya Rosberg, kwa hiyo alifungua bawa. Ricciardo alikuwa chini ya sekunde moja nyuma ya Perez, naye akafungua. Vettel vivyo hivyo. Kila mtu akipewa kilomita 12, hakuna aliyepewa kitu. Watu wa langalanga huita hali hii treni ya DRS. Mbaya zaidi kwa Ricciardo, Perez alikuwa na injini ya Mercedes, ambayo mwaka ule ilikuwa na nguvu kuliko Renault iliyokuwa kwenye gari lake la Red Bull. Yule aliyeshindwa kumpita Rosberg alikuwa analindwa na bawa ambalo Rosberg mwenyewe alimpa haki ya kulifungua.

Treni haivunjwi kwa kitufe. Ricciardo aliivunja kwenye mzunguko wa 66, kwa kumpita Perez kwa upande wa nje kwenye kona ya kwanza, jambo la ujasiri na matairi kuliko la mitambo. Alipofika nyuma ya Rosberg hesabu ikabadilika. Sasa DRS ilikuwa yake dhidi ya mtu asiyekuwa nayo, umeme ulikuwa wake dhidi ya mtu asiyekuwa nao, na hapakuwa na gari la tatu katikati. Kwenye mzunguko wa 68, katika ile njia ndefu, alifungua bawa akapita. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza katika Fomula 1. Rosberg alimaliza wa pili.

Mchezo una namna yake ya kulipa madeni. Mwezi Mei 2018 huko Monako, Ricciardo huyohuyo alikuwa anaongoza MGU-K yake ilipokufa. Farasi 160 wameondoka, breki za nyuma zinachemka, Vettel yuko nyuma yake na gari zima. Vettel hakupita. Monako haina njia ya sekunde 12. Kabla bawa halijazaa matunda, kona imeshafika. Ricciardo akashinda. Upungufu uleule wa nguvu, viwanja viwili, matokeo mawili. Anayekuambia kwamba vifaa hivi ndivyo vinavyopitisha magari, mwulize anazungumzia uwanja gani.

Hatari yake haitajwi sana. Kibao kimewekewa bawaba upande wa nyuma, ili nguvu ya pistoni ikikosekana upepo wenyewe ukisukume kifunge. Kwa kawaida hufunga. Mwaka 2013 huko Bahrain, cha Alonso kilipinduka kikakwama wazi. Fundi akakirudisha kwa mkono alipoingia kubadilisha matairi, Alonso akakifungua tena, kikakwama tena. Siku hiyo ilikuwa ni hasara ya nafasi tu. Mazoezini Monza mwaka 2018, cha Marcus Ericsson hakikufunga alipofunga breki kwa ajili ya kona ya kwanza. Nyuma ya gari pakawa pepesi, likageuka, likapiga ukuta na kubingirika mara kadhaa. Alitoka mzima. Japani, mwaka 2025, Jack Doohan aliingia kona ya kwanza ya Suzuka mazoezini bila kukifunga. Kona ile huingiwa bila kufunga breki, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kukirudisha chini chenyewe, na gari likaenda ukutani kwa spidi kubwa. Mgandamizo uliouzwa lazima urudishwe kabla ya kona, na hewa nayo inahitaji muda mfupi wa kulishika tena bawa.

Upande wa werevu, sijaona mfano unaozidi ule wa Singapore, Septemba 2023. Carlos Sainz wa Ferrari aliongoza, Lando Norris akiwa wa pili, na nyuma yao George Russell na Hamilton wakija na matairi mapya zaidi. Sainz alijua kwamba Norris akipitwa, yeye ndiye anayefuata. Basi akapunguza mwendo kwa makusudi ili Norris abaki ndani ya sekunde moja nyuma yake, apate kufungua bawa, na kwa bawa hilo awazuie Mercedes. Alimkabidhi mpinzani wake silaha, akijua kwamba mpinzani huyo angeitumia kujilinda na si kumshambulia yeye. Russell aligonga ukuta kwenye mzunguko wa mwisho, na Sainz akashinda kwa chini ya sekunde moja. Kanuni iliyotungwa ili kuwapa nguvu wanaofukuza ilikuwa imegeuzwa ngao ya anayeongoza.

Kanuni za mwaka 2026 zimeifuta DRS. Sasa mabawa ya mbele na ya nyuma hujilaza kwa kila gari kwenye njia zilizonyooka zilizotengwa, bila kujali nani anamfukuza nani, na msaada wa kupita umehamishiwa kwenye betri. Mota ya tabo imeondolewa, na MGU-K imepandishwa kutoka kilowati 120 hadi 350. Gari linaloongoza huanza kupunguziwa umeme likivuka kilomita 290 kwa saa, wakati lililo ndani ya sekunde moja nyuma yake huruhusiwa kubaki na kilowati zote 350 hadi kilomita 337. Kwa maoni yangu ni mpango wa haki zaidi, kwa kuwa umeme ni lazima kwanza uuchume kwenye breki kabla ya kuutumia, wakati kibao cha DRS hakikumgharimu mtu chochote mzunguko hadi mzunguko.

Kwa hiyo utakapotazama mbio, acha kulikodolea macho bawa la anayefukuza. Tazama taa nyekundu iliyo mkiani mwa gari la mbele. Ikianza kumweta kabla ya mahali pa kufunga breki, mota yake imeacha kusukuma na inachaji, na kama wa nyuma bado ana akiba, hapo ndipo atakapopita.